Barua kwa mtoto wa kaka yangu, aliyeuliza upendo ni nini na kwa nini watu huoana

Iringa Mjini, mwezi wa Julai

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kaka yako. Umeniandikia kwamba tangu ulipofuatana na wazee kutoka Mafinga kwenda Tukuyu kupeleka mahari ya baba yako mdogo, unajiuliza upendo ni nini, kwa nini watu huoana, na kama baba mdogo amemnunua mchumba wake kwa wale ng'ombe. Unasema mtu mzima mmoja uliyemwuliza garini alikujibu kwamba utajua ukikua. Mimi naona kwamba msichana wa miaka tisa anayeweza kuuliza vizuri namna hii anastahili kujibiwa kwa kadiri ya umri wake, na lile linalopaswa kusubiri nitakwambia wazi kwamba linasubiri.

Nianze na mdogo wako, kwa kuwa naye anauliza. Yeye ana miaka minne, kwa hiyo msomee maneno haya tu: "Kumpenda mtu ni kufurahi akiwapo, kumtakia mema na kumtunza. Baba, mama na bibi wanakupenda, na hata unapokosea ukakaripiwa, bado unapendwa. Watu wazima wawili wakipendana na kutaka kuwa familia moja, huahidiana mbele ya watu, na ahadi hiyo ndiyo ndoa." Akisema kwamba akikua atamwoa mama, kama watoto wengi wa umri wake wanavyosema, msimcheke, mwambieni kwamba mama ni mama yake siku zote na hahitaji kumwoa ili asimpoteze.

Wewe nakuongezea. Upendo una furaha ndani yake, lakini furaha huja na kuondoka, na ndiyo maana mtu hutazamwa zaidi anavyotenda kuliko anavyosema. Sidhani kama umewahi kuwasikia babu na bibi yako wakiambiana maneno matamu. Hata hivyo, baridi ya Juni inaposhika na ukungu ukafunika misonobari ya Sao Hill, babu ndiye anayeamka kuwasha moto na kumchemshia bibi maji, kwa sababu anajua magoti yake yanamsumbua asubuhi. Naye bibi, babu akichelewa shambani, hali kande peke yake bali humngojea, ijapokuwa akifika humnung'unikia kwanza. Manung'uniko yale nayo yamo katika upendo, usishangae. Ukiwasikia wazazi wako wakibishana kuhusu fedha za mbolea, usidhani kwamba wameacha kupendana, wala usidhani kwamba wewe ndiwe uliyesababisha. Kuumizana ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mume au mke wake adhabu ya kipigo. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema kwamba fulani humpiga mkewe kwa sababu anampenda sana, jua kwamba wamekosea.

Umeuliza pia kama baba mdogo atakupenda bado akishaoa. Atakupenda. Upendo wake kwa mchumba wake ni wa mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake aliyemchagua, na upendo wake kwako ni wa mzazi kwa mtoto. Huo wa kwanza hauchukui nafasi ya huu wa pili. Pengine atakuja kwenu mara chache zaidi kwa kuwa atakuwa na nyumba yake ya kuangalia, na hilo likikuhuzunisha una haki ya kumwambia.

Sasa kwa nini waoane, wakati wangeweza kupendana tu? Sababu ni nyingi, na si kila mtu ana zilezile. Wengi wanataka mwenza wa kushirikiana naye katika kazi, ugonjwa na uzee. Wengi wanataka kulea watoto pamoja. Wengine wanafuata imani yao. Na karibu wote wanataka jamaa na majirani wajue kwamba wawili hawa sasa wanawajibika mmoja kwa mwingine. Sheria niliyoitaja inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Neno la kulishika hapo ni hiari. Ndiyo maana nia ya kufunga ndoa hutolewa taarifa angalau siku 21 kabla, na kanisani unasikia majina yakitangazwa Jumapili kadhaa mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Ndiyo maana pia mchungaji, padri au shehe huhakikisha kwamba wote wawili wamekubali, mbele ya mashahidi.

Kuhusu ng'ombe, hapana, hakununuliwa. Kwa Wanyakyusa, kama ilivyo kwetu Wahehe, mahari ni njia ya ukoo mmoja kuuheshimu ukoo mwingine na kuwashukuru wazazi waliomlea binti, na ndiyo sababu uliwaona wazee wakizungumza kwa mafumbo kupitia mshenga badala ya kutaja bei kama wafanyavyo mnadani. Nakubali kwamba wapo wanaosahau maana hiyo na kudai kana kwamba wanauza, nawe hukukosea kutia shaka. Lakini kisheria ndoa ni halali hata mahari isipolipwa, na mchumba wa baba mdogo alikuwa na uwezo wa kukataa. Alikubali kwa kinywa chake. Mimi nilikuwa ndani na akina mama alipoulizwa.

Jambo moja linakuhusu wewe mwenyewe. Mtoto haoi wala haolewi. Sheria hiyohiyo ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Na mtu mkubwa yeyote, awe jirani, mwalimu au hata ndugu yetu, akikwambia kwamba anakupenda kisha akataka kukushika mahali pasipofaa au akakutaka ufiche siri, huo si upendo. Ondoka, umwambie mama, baba au mimi siku hiyohiyo. Hatutakukasirikia, hata kama ulishapokea zawadi yake.

Si lazima uolewe ukikua. Mimi sijaolewa, kama unavyojua, na nyumba yangu haikosi watu. Masista wa parokiani kwenu nao wamechagua maisha mengine. Wapo pia waliooana wakashindwa kuendelea, kama wazazi wa rafiki yako uliyenitajia. Rafiki huyo usimwulize ulize. Akianza mwenyewe kuzungumza, msikilize, na umwambie kwamba wazazi wanaweza kuachana wao kwa wao bila kumwacha mtoto wao.

Limebaki swali lako la mwisho, la jinsi mtoto anavyoingia tumboni mwa mama. Ni swali halali wala si la aibu, ila mwenye haki ya kwanza kulijibu ni mama yako. Nimempigia simu, naye amekubali kukueleza likizo hii mkiwa wawili tu, kwa hiyo mkumbushe akijifanya amesahau.

Wasalimie babu na bibi, uwape shikamoo yangu.

Shangazi yako