Meseji kwa Mama Salha

Mama Salha, nimekupigia mara 3 toka saa 1 simu haipatikani, nikasema labda umezima upumzike au chaji imeisha, basi naandika hapa utasoma ukiwa na nafasi. Voisi yako ya jana usiku nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza nilikuwa napika ikabidi nizime jiko nikae chini, ya pili nimesikiliza leo alfajiri nikiwa peke yangu ili nisikie vizuri yale maneno yaliyomezwa na kilio.

Pole shoga yangu. Pole sana. Miaka 11 ya ndoa sio kanga kwamba imechakaa unaikunja unaweka pembeni, najua hapo ulipo hata kupita kwenye kile kibaraza mlichojenga ni mtihani.

Mwishoni umeniuliza, wewe unatujua wote wawili, niambie mwenye makosa nani. Nimekaa na hilo swali siku nzima na jibu langu ni kwamba sitajibu, na sio kwamba nakukwepa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mimi nilikuwa nakuja Ujiji nalala siku mbili nakula mgebuka wako naondoka, yale ya usiku mlango ukishafungwa mnayajua nyie na Mungu wenu. Nikisema fulani mkosaji nitakuwa naongea uongo hata kama leo utakufariji. Mimi kukupenda hakuhitaji kwanza upatikane mshindi. Hata ingekuja kujulikana kesho kwamba wewe ndio ulianza, bado nitakuja kukuoshea vyombo.

Alafu kuna kitu nataka ukisikie kwangu mwenyewe usije ukaambiwa pembeni ukanielewa vibaya. Baba Salha alinipigia Jumapili. Tuliongea kama nusu saa hivi, nikampa pole kama nilivyokupa wewe. Alichosema sitakwambia, na ulichosema kwenye voisi hakitafika kwake, nilimwambia hivyohivyo kwamba mimi sibebi maneno kutoka huku kwenda kule. Kama limekuuma kwamba niliipokea simu yake niambie tu, tutaliongea, ila sikutaka kukuficha.

Maana mimi nawakumbuka nyie wote. 2024 ziwa lilipofungwa kuvua, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, chanja zako Kibirizi zimekauka hakuna dagaa hata wa kuonja, wewe ndio ukatoa wazo la mawese na yeye akawa anaamka usiku kufuata madumu huko Simbo, ukirudi toka kuswali unayakuta mlangoni unaanza kupima kwenye chupa. Miezi 3 yote Salha hakukosa daftari. Nilikaa nanyi wiki nzima mwezi wa 7, niliyaona kwa macho. Sasa kuna watu wananipigia wanataka nisahau yale nimuone yeye shetani, na wengine wanataka nikuone wewe ndio umevunja nyumba, siwezi yote mawili. Na kusema hivi sio kwamba napunguza kilichokuumiza, kimekuuma kweli na una haki ya kulia mpaka uchoke. Watu wawili wazuri nao wanashindwana, inatokea, na hao wa group la ukoo wanaotuma aya na mawaidha saa 5 usiku wangenyamaza kidogo tungewashukuru. Hilo group lizime sauti, hulazimiki kujibu.

Ile status ya saa 8 usiku uliyoweka ukaifuta niliiona. Sikusemi. Ila usiku mwingine ukijisikia hivyo nitumie mimi, hata kama ni matusi matupu, nitayapokea na yataishia kwangu.

Kuhusu ile karatasi ya baraza, umesema ukiishika mkono unatetemeka. Wala haikuhukumu wewe wala yeye, inasema tu kwamba wamewakalisha wakashindwa kuwapatanisha. Dada yangu alipitia hukohuko ndio maana najua, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite kwanza baraza la usuluhishi ndio mahakama ipokee shauri, na talaka yenyewe ya kisheria inatoka mahakamani. Kwahiyo itunze vizuri, piga picha unitumie na mimi nibaki nayo. Ukienda mahakamani chukua na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Na nyumba, hapa nisikilize vizuri. Umesema huna haki ya kuongea kwasababu kiwanja kimeandikwa jina lake. Hapana. Mahakama inaangalia kila mmoja alichangia nini kwenye kilichopatikana ndani ya ndoa, na toka ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango, achilia mbali hela za dagaa zilizonunua bati. Sisemi hivi ili ukamkomoe, na yeye jasho lake lipo pale na lihesabiwe. Nataka tu usisaini kitu kwa uchovu. Mtu akikuletea karatasi akasema weka dole hapa yaishe, mwambie shoga yangu anakuja Ijumaa tutasoma wote.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni Salha. Miaka 9 anaelewa kila kitu, yule mdogo ana 4 yeye ataona tu baba haji kulala. Sheria inaona mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri awe kwa mama, lakini mahakama inaweza kuamua vingine kulingana na maslahi ya mtoto, kwahiyo usiende na uhakika wa asilimia mia wala usiende na hofu. Ila kabla ya huko mahakamani, kama mnaweza kukaa hata dakika 10 wewe na baba yake mkamwambia Salha pamoja kwamba sio yeye aliyesababisha, mwambieni. Dada yangu hawakufanya hivyo, na mtoto wake mpaka anamaliza la saba alikuwa anaamini ni kwasababu alivunja simu ya baba. Na msimtume ujumbe, mwambie baba yako hivi, mwambie mama yako vile, huo mzigo hauwezi.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Alhamisi nafunga mapema, Ijumaa napanda basi la asubuhi hapa Tabora kupitia Kaliua na Uvinza, nitakupigia nikishavuka Malagarasi. Nakaa mpaka Jumatano. Usipike, usipange nyumba, usinifagilie uwanja, nikukute ulivyo. Jumatatu mahakamani twende wote, nitakaa benchi la nje, na nikikutana na Baba Salha pale nitamsalimia, nakwambia mapema.

Nimekutumia elfu 50, usinirudishie. Elfu 20 kula, najua hujala toka juzi, hata uji weka sukari unywe. Inayobaki angalia kama giza la mwezi limeshaingia nunua ndoo moja ya dagaa uanike, hata kama huna nguvu ya kuuza, Mama wa jirani atakusaidia kugeuza.

Ukiisoma hii usihangaike kujibu, nikiona tiki za bluu zinanitosha. Mwambie Salha nakuja na karanga, na asali yake ile ya chupa ndogo nimeshaiweka kwenye begi.