Mlango u Wazi: tafsiri ya wimbo, na swali la kiitikio

Wajuzi wa utunzi, salaam. Mwenzangu wa bendi aliandika wimbo huu kwa Kiingereza, nami nimeuleta kwa Kiswahili ili uimbike kwa muziki uleule. Beti ni mizani nane, kiitikio sita, na vina vinapokezana kama alivyovipanga yeye.

*Ubeti wa 1*
Taa imo dirishani,
mafuta hayajakwisha;
nasikia barazani
upepo wanikumbusha.

*Kiitikio*
Mlango u wazi,
rudi, sina neno;
maneno ya juzi:
ulimi na meno.

*Ubeti wa 2*
Kahawa imeshapoa,
nimebandika ya pili;
kiti sikukiondoa,
meza bado ya wawili.

*(Kiitikio)*

*Daraja*
Hata uje kwangu usiku manane,
usipige hodi, pita tuonane.

*(Kiitikio mara mbili)*

Vina havikunitesa, maana maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Kilichonitoa jasho ni mkazo. Mistari yake ya kiitikio ina silabi tano na inafungwa kwa silabi nzito, pale pigo la ngoma linapoangukia. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo lile nimelipa *wa*, kisha *zi* ikapata noti ndogo nyepesi iliyoongezwa nyuma. Ndiyo maana tano zimekuwa sita. Mpiga gitaa alinuna kidogo, halafu akazoea.

Sasa swali. Katika wimbo wa asili, mstari wa mwisho wa kila ubeti una kina kimoja na mstari wa kwanza wa kiitikio, kwa hiyo sikio linavutwa lenyewe kuingia. Kwangu ubeti wa kwanza unafunga kwa *sha*, wa pili kwa *li*, kisha kiitikio kinaanza na *zi*. Je, nibadili mafungio yote mawili yawe *zi*, kama bahari za vina vya mwisho vinavyorudi ubeti hadi ubeti? Hapo nitaipoteza "meza bado ya wawili", na kusema kweli huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote. Au kule kushuka kutoka mizani nane hadi sita kunatosha kumwambia msikilizaji kwamba kiitikio kimefika?

Na hilo linagusa daraja. Mistari yake ni mizani kumi na mbili, lakini kila mmoja unakatika katikati, sita kwa sita. Kwenye karatasi ni mistari mirefu. Ukiimba, ni mwendo uleule wa kiitikio. Kama upungufu wa mizani ndio alama ya kiitikio, basi daraja langu linasikika kama kiitikio cha tatu chenye maneno mapya, na kile cha kweli kikiingia baada yake hakina mshtuko wowote. Nilikate tano kwa saba, au mnaona kina cha *ne* kinatosha kulitenga?