Utenzi wa Mizinga ya Tanga, 1914

Mradi wa Historia na Kiswahili, Kidato cha Tatu, Kundi la Pili, Tanga. Unahusu vita vya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Usomwe kwa sauti, msomaji mmoja. Wengine waitikie kina cha mwisho.

1
Kwa jina lake Jalali
naanza hii kauli
tupate sema kwa kweli
yaliyojiri mjini.

2
Mwalimu katuagiza
wazee kuwauliza,
na sisi tukasikiza
kwa daftari mkononi.

3
Bibi kunde achambua,
kichwa hakukiinua,
papo akatuzindua:
"Vita, wanangu, vya nani?"

4
Hilo tukaliandika,
wino mwekundu kuweka,
na sasa tunatamka
kisa tangu bandarini.

5
Elfu moja mia tisa
na kumi na nne hasa,
Novemba, mwanzo wa visa,
tarehe mbili yakini.

6
Mdachi katutawala,
kodi akizidi kula,
na reli yake yalala
toka Moshi hadi pwani.

7
Ng'ambo vita vimewaka,
Mwingereza kaamka,
Tanga ataka kushika
na reli yake mwanzoni.

8
Ni meli kumi na nne,
njooni wenzetu mwone,
mbele ya Rasi Kasone,
za kutoka Hindustani.

9
Askari ni elfu nane,
wengine wasijuane,
lugha wasisikizane,
kichefuchefu tumboni.

10
Manowari, jina Foksi,
yaja bila wasiwasi,
nahodha kasema: "Basi,
mji toeni, toeni!

11
Saa moja nawapima,
mkikataa natuma
mizinga ya kuwachoma,
muwe nyote majivuni."

12
Bwana shauri akaja,
kasema: "Subiri, naja,"
nguo kenda vaa moja
ya kijeshi, ya vitani.

13
Simu ikapigwa Moshi,
treni zikatoka moshi,
zimejaa wanajeshi
juu hadi mlangoni.

14
Kamanda wao ni Leto;
usiku, mji mzito,
baiskeli kama mto
yateleza hadi pwani.

15
Watu wake kama elfu,
wengi weusi, kwa safu,
wakipangwa kwa urefu
kwenye mtaro relini.

16
Bibi kasema: "Nyanyangu
aliacha wake chungu,
ndani samaki ni changu,
kikitokota jikoni.

17
Kambeba mamangu mbio,
shamba ndilo kimbilio,
mtoto hana kilio,
titi li mwake kinywani."

18
Ya tatu, ni alfajiri,
kundi la mwanzo hodari
likapigwa pasi heri,
likarudi mikokoni.

19
Ya nne, jua lawaka,
jeshi lote laondoka,
michongoma yawashika
wakipita mashambani.

20
Walikuwapo Magurka,
forodhani wakafika,
mapanga yao kushika,
ni vita vichochoroni.

21
Ewe msomaji, ngoja,
lipo neno nalitaja:
mzinga si jambo moja
kwa lugha yetu ya pwani.

22
Uko wa meli, wa chuma,
moto wake waunguma;
wa pili ni wa kuuma,
wa gogo, huwa mtini.

23
Wenyeji waitundika,
asali wakiisaka,
na nta ya kuuzika
kwa Wahindi wa dukani.

24
Risasi ikatoboa,
magogo ikabomoa,
nyuki miiba watoa,
wingu jeusi angani.

25
Hawakujali kofia,
shingoni waliingia,
kwapani wakapitia,
hadi na masikioni.

26
Mtu na bunduki yake,
nyuki vipi umdake?
Aitupe, aanguke,
akimbilie majini.

27
Nyuki hana serikali
na bendera hazijali,
Mdachi kaumwa kweli,
bunduki yake pembeni.

28
Baadaye wakazua:
"Mdachi kawafungua
nyuki hao kwa kujua."
Nyuki hutumwa na nani?

29
Ya tano wakakimbia,
melini wakaingia,
silaha wakaachia,
zimelala mchangani.

30
Na risasi laki sita,
bombomu kumi na sita,
Mdachi akaokota
kama dagaa wa pwani.

31
Waliouawa pale
na majeruhi wa kule
ni mia nane na mbele,
upande wa baharini.

32
Jina la Leto twasoma
na la Foksi limevuma;
mwenye mizinga, tazama,
haandikwi kitabuni.

33
Asali ikamwagika,
magogo yakavunjika,
fidia hajaishika
hadi leo kaburini.

34
Chungu je? Alirudia,
changu paka kajilia,
na ufa umeingia
mdomoni hadi chini.

35
Jumamosi tukaenda
Rasi Kasone, twapanda,
simu juu, twaiwinda
picha ya nyuki mtini.

36
Mmoja akaja kasi,
akanichoma upesi,
jicho likawa nanasi,
sikwenda shule, jamani.

37
Hapa natua mkoba,
beti zenyewe si haba,
ni thelathini na saba,
jicho moja li gizani.