Muundo wa Kikazi, wa Divisheni na wa Matriksi: Nguvu na Udhaifu Wake

Swali: Linganisha muundo wa kikazi, wa divisheni na wa matriksi, kisha ushauri kampuni ya usindikaji yenye wafanyakazi 84 mkoani Dodoma.

Majibu mengi ya swali hili huorodhesha faida tano na hasara tano kwa kila muundo, kana kwamba zote zina uzito mmoja. Hazina. Kila muundo hurahisisha aina moja ya mawasiliano na kuifanya nyingine iwe ghali, kwa hiyo ulinganisho wenye maana ni wa kuonyesha gharama hiyo inaangukia wapi na nani anailipa.

Tuchukulie kampuni iliyoko eneo la viwanda la Kizota. Inakamua mafuta ya alizeti, inasaga mashudu kuwa chakula cha mifugo, na inasindika mvinyo wa zabibu za Hombolo na Mpunguzi. Uzalishaji una watu 46, mauzo 14, ununuzi 9, fedha 7, utumishi 4, na ofisi ya meneja mkuu 4. Huo tayari ni muundo wa kikazi: watu wamepangwa kwa aina ya ujuzi walionao, na kila idara ina mkuu mmoja anayewajibika kwa meneja mkuu.

Nguvu ya muundo huu iko kwenye ujuzi na matumizi ya rasilimali. Fundi mitambo mchanga anafanya kazi chini ya fundi mkuu, si chini ya meneja wa bidhaa asiyejua beringi inavyolia kabla ya kuvunjika. Stoo ya vipuri ni moja, hivyo hakuna haja ya kuweka seti tatu za beringi na mikanda. Kwa Dodoma kuna faida nyingine ambayo vitabu vya jumla haviigusi, nayo ni msimu. Alizeti huingia kwa wingi baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na zabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Idara moja ya uzalishaji inaweza kuhamisha vibarua na mafundi kutoka kwenye mashine za kukamua kwenda kwenye matangi ya mvinyo bila barua wala malumbano, maana wote ni watu wa mkuu mmoja.

Udhaifu wake huonekana tatizo linapovuka mipaka ya idara. Mteja wa Singida anarudisha madumu 200 ya lita 20 kwa sababu mafuta yana mashapo. Mauzo wanasema chujio halikufanya kazi. Uzalishaji wanasema alizeti iliyoletwa ilikuwa na unyevu. Ununuzi wanajibu kuwa malipo yalichelewa, wafanyabiashara wenye mzigo mkavu wakauza kwingine. Fedha wanasema malipo yanayozidi shilingi milioni 5 husainiwa na meneja mkuu, naye alikuwa safarini. Kila mmoja anasema kweli, na madumu bado yamekaa uani.

Chanzo si uvivu. Ni vipimo. Ununuzi hupimwa kwa bei ya gunia, kwa hiyo huvutwa na mzigo wa bei poa hata ukiwa mbichi. Uzalishaji hupimwa kwa lita, mauzo kwa kiasi kilichouzwa hata kwa mkopo usiolipika. Anayeona picha nzima ni meneja mkuu peke yake, na ndiyo maana dawati lake hugeuka foleni. Tena, hesabu zikifungwa kwa idara, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama mvinyo unaleta faida au unabebwa na mafuta. Na hasara ya polepole kuliko zote: hakuna mkuu wa idara anayepata mazoezi ya kuongoza biashara kamili, hivyo siku meneja mkuu akiondoka, mrithi atakuwa mhasibu mzuri au fundi mzuri tu.

Muundo wa divisheni hukata kampuni kwa namna nyingine: kwa bidhaa, kwa eneo, au kwa aina ya mteja. Kampuni ya Marekani ya DuPont iliugeukia mwaka 1921 baada ya kupanua bidhaa zake kupita uwezo wa makao makuu kuziratibu, na katika miaka hiyohiyo Alfred Sloan akaujenga katika kampuni ya magari ya General Motors. Hapa kwetu, Idara ya Walipakodi Wakubwa ya TRA ni mfano ulio karibu wa mgawanyo kwa aina ya mteja. Angalizo moja: neno “divisheni” katika halmashauri zetu halina maana hii. Divisheni ya afya au ya elimu ya halmashauri ni mgawanyo wa kikazi, na mwanafunzi anayeitumia kama mfano hapa anajikosesha alama.

Kwa kampuni yetu, divisheni zingekuwa tatu: mafuta, chakula cha mifugo, na mvinyo. Kila moja ingekuwa na ununuzi wake, uzalishaji wake, mauzo yake na hesabu zake za faida na hasara. Lile tatizo la Singida lingeishia kwa meneja wa divisheni ya mafuta siku hiyohiyo, kwa sababu mnunuzi, fundi na muuzaji wote wako chini yake. Hana wa kumsukumia. Hiyo ndiyo faida kuu, na nyingine nyingi hutokana nayo: uamuzi wa haraka, uwajibikaji unaopimika, mameneja wanaokomaa.

Gharama ya kwanza ni kurudufu kazi. Tuseme kuzigawa idara kunahitaji watu sita zaidi, wakiwemo wahasibu, wanunuzi na fundi umeme, kwa wastani wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 5,400,000 kila mwezi, yaani 64,800,000 kwa mwaka, kabla ya michango ya NSSF ya mwajiri. Kampuni kubwa haitazihisi. Ya watu 84 itazihisi kabla robo ya kwanza ya mwaka haijaisha.

Gharama ya pili ndiyo inayovunja undugu: bei ya ndani. Alizeti ikikamuliwa, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki mashudu. Divisheni ya mafuta inayauza, divisheni ya chakula cha mifugo inayanunua. Tuchukulie bei ya soko ni shilingi 600 kwa kilo, na chakula cha mifugo wanataka 450 kwa hoja kwamba “sisi ni nyumba moja”. Kwa tani 40 kwa mwezi, tofauti hiyo ni shilingi 6,000,000. Kampuni kwa ujumla haijapata wala kupoteza hata senti, lakini faida imehama mfuko, na bonasi imehama nayo. Meneja mkuu akilazimisha 450, divisheni ya mafuta itauza mashudu safi nje na kuwaachia wenzao vumbi. Njia inayofanya kazi ni kuanza na bei ya soko, kutoa gharama zinazookolewa kweli (magunia, usafiri, dalali), kisha kuiandika bei hiyo na kuiacha isimame msimu mzima. Bei inayojadiliwa kila wiki huua muda wa mameneja wawili.

Kuna pia meneja anayeahirisha matengenezo ya mashine Novemba ili faida ya Desemba ipendeze. Tiba yake ni makao makuu kubaki na mamlaka juu ya bajeti ya matengenezo na ununuzi wa mitambo.

Muundo wa matriksi hujaribu kupata vyote viwili. Chora jedwali: mistari ni idara za kikazi, safu ni bidhaa au miradi. Mfanyakazi aliye kwenye makutano ana wakuu wawili, mmoja wa taaluma na mwingine wa bidhaa. Kampuni za vyombo vya anga za Marekani ziliutumia sana katika miaka ya 1960, kwa kuwa kila mradi ulihitaji wataalamu wengi wa fani tofauti kwa muda maalumu. Kampuni ya vifaa vya umeme ya ABB, iliyoundwa mwaka 1988 kwa kuunganisha Asea ya Uswidi na Brown Boveri ya Uswisi, iliifanya matriksi ya nchi na bidhaa kuwa maarufu duniani, kisha ikaiacha mwaka 1998.

Henri Fayol, Mfaransa aliyeandika kanuni za uongozi mwaka 1916, alisisitiza umoja wa amri: mtu mmoja apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja. Matriksi inaivunja kanuni hiyo makusudi. Wahenga wa pwani walishaonya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini hali hii haiko mbali na Dodoma. Mganga Mkuu wa Halmashauri anawajibika kiutawala kwa Mkurugenzi Mtendaji, huku miongozo ya kitaalamu ikitoka Wizara ya Afya. Mpangilio huo unabeba kazi kubwa pale mipaka ilipoandikwa: nani anaamua bajeti, nani anaamua namna ya kutibu. Pasipoandikwa, barua mbili zenye tarehe moja humwita mtu mmoja kwenye vikao viwili.

Kwa kampuni yetu, idara nne (ununuzi, uzalishaji, mauzo, fedha) na bidhaa tatu ni makutano 12, na kila kutano linahitaji makubaliano ya muda, vipaumbele na tathmini. Si lazima watu wote 84 wawe na wakuu wawili. Wanaohitajika ni wale 12 au 15 wa kwenye makutano. Anayekusudia kuianzisha lazima aandike mambo manne kabla ya siku ya kwanza. Asilimia ya muda wa kila mtu kwa kila upande. Nani anasaini likizo, naye awe mmoja tu. Uzito wa kila mkuu kwenye tathmini, kwa mfano 60 kwa 40. Na ukomo wa mgogoro: wakuu wawili wasipoafikiana ndani ya saa 48, suala linapanda kwa meneja mkuu. Juu ya hayo kuwe na jedwali la wajibu linaloonyesha kwa kila uamuzi anayetenda, anayewajibika, anayeshauriwa na anayearifiwa. Safu ya anayewajibika isiwe na majina mawili kamwe. Hapo ndipo matriksi nyingi hufia: kamati inaandikwa kuwa ndiyo inayowajibika, na kamati haiitwi na mtu kueleza hasara.

Ushauri kwa kampuni hii ni kubaki na muundo wa kikazi, kwa marekebisho mawili. Kwanza, mvinyo upewe mratibu wake mwenye bajeti, si mwenye cheo tu, maana mratibu asiye na fedha ni mpeleka ujumbe. Hii ni matriksi dhaifu, inayogusa bidhaa moja. Pili, fedha waanze kufunga hesabu kwa bidhaa kila mwezi, kazi inayohitaji kubadili msimbo wa vocha na kukubaliana jinsi umeme na mishahara ya pamoja itakavyogawanywa. Divisheni kamili isubiri mpaka hesabu hizo zionyeshe, kwa misimu miwili ya alizeti, kuwa kila bidhaa inaweza kumlipa mhasibu na mnunuzi wake bila kukopa kwa nyingine.

Mabadiliko yasianze wakati malori ya alizeti yamepanga foleni getini. Yaanze mavuno yakishapita, na siku ya kwanza mameneja wote waketi na faili la madumu 200 ya Singida, waandike kila saini iliyohitajika, iliyochelewa, na ambayo ingeweza kuondolewa. Kiwango cha meneja mkuu kusaini, shilingi milioni 5, kitakuwa cha kwanza kujadiliwa.