Malalamiko kuhusu kompyuta mpakato isiyodumisha uwezo wa grafiki uliotangazwa

Zuhura Saidi,
Kata ya Shangani,
Mtwara.

6 Oktoba 2025

Meneja,
Duka la Kompyuta na Vifaa vya Ofisi,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA MPAKATO NILIYOUZIWA TAREHE 3 SEPTEMBA 2025 KUSHINDWA KUDUMISHA UWEZO WA GRAFIKI ULIOTANGAZWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Septemba 2025 nilinunua dukani kwenu kompyuta mpakato kwa shilingi 3,850,000, nikapewa risiti ya EFD na kadi ya dhamana ya miezi 12. Kilichonifanya niichague hiyo na kuacha nyingine ya bei nafuu iliyokuwa pembeni yake ni bango lenu, ambalo nimelipiga picha na kuliambatanisha hapa. Linasema kwamba kadi ya grafiki ina kumbukumbu ya GB 8, kwamba inafanya kazi kwa wati 115, na kwamba kompyuta hiyo "inahimili kazi nzito za 3D kwa saa nyingi bila kupungua kasi". Muuzaji wenu nilimweleza waziwazi kuwa mimi ni mchoraji wa majengo, na kwamba kompyuta yangu hukesha ikirenda, yaani ikigeuza michoro ya 3D kuwa picha za wateja. Alinihakikishia kuwa hii ndiyo inayonifaa.

Mambo hayako hivyo. Kompyuta inapoanza kurenda, huenda vizuri kwa muda wa kama dakika nane. Kadi ya grafiki hutumia wati 112 na mwendo wake hufika megahazi 2,250, yaani karibu sawa kabisa na mlivyotangaza. Baada ya hapo joto hufika nyuzi 87, mwendo huporomoka hadi megahazi 1,050, matumizi ya umeme hushuka hadi wati 48, na hubaki hapo hapo mpaka kazi iishe. Picha moja ya ghala la korosho ninalomchorea mteja wa Masasi huchukua dakika 6 mashine ikiwa bado ya baridi. Picha ileile, bila kubadilishwa chochote, huchukua dakika 13 mashine ikishapata moto. Kazi niliyomwahidi mteja kuwa itakuwa tayari asubuhi sasa inaingia mchana wa siku ya pili, na mimi ndiye ninayeonekana sina ahadi.

Nilipoileta kwa fundi wenu alinipa majibu matatu, na kwa kuwa huenda nanyi mkayarudia, naomba niyajibu kwa maandishi.

Kwanza alisema ni umeme wa hapa kwetu, kwamba unapanda na kushuka. Vipimo nilivyotaja vimechukuliwa kompyuta ikiwa kwenye chaja yake yenyewe iliyotoka nayo kwenye boksi, ikipitia stabilaiza, na hali ya utendaji ikiwa imewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa. Ninajua kwamba kompyuta mpakato ikitumia betri hupunguza nguvu ya grafiki, ndiyo maana sikupima hata mara moja ikiwa kwenye betri. Zaidi ya hayo, kompyuta yenyewe inasema sababu ya kupunguza mwendo. Wakati kasi imeshaporomoka niliandika amri hii:

```
nvidia-smi -q -d PERFORMANCE
```

Katika majibu yaliyotokea kwenye skrini, mistari miwili inayohusika ilisomeka hivi:

```
SW Power Cap         : Not Active
SW Thermal Slowdown  : Active
```

Mstari wa kwanza unaonyesha kuwa kadi haikuzuiwa na kikomo cha umeme. Wa pili unaonyesha kuwa mwendo ulipunguzwa kwa sababu ya joto. Kwa hiyo suala la umeme wa Mtwara halihusiki hapa, na ningeomba lisirudiwe.

Pili alisema ni hali ya hewa ya pwani. Kijitabu kilichokuja na kompyuta kinaruhusu itumike katika joto la hadi nyuzi 35, na chumba changu cha kazi hakifiki huko. Hata hivyo, ili kuondoa ubishi, nilirudia kipimo katika ofisi yenye kiyoyozi, chumba kikiwa na nyuzi 24. Kuporomoka kulichelewa kwa dakika chache, kisha kukatokea vilevile. Kompyuta inayouzwa Mtwara lazima iweze kufanya kazi Mtwara. Kama haiwezi, mnunuzi alistahili kuelezwa kabla hajatoa fedha yake.

Tatu alisema kuwa kompyuta mpakato zote hupunguza kasi zikipata joto, na akanishauri ninunue kipoza cha kuweka chini yake. Sikatai kwamba kupungua kidogo ni jambo la kawaida, na kama kadi ingetulia kwenye wati 100 nisingeandika barua hii. Lakini kushuka kutoka wati 112 hadi 48 ni kupoteza zaidi ya nusu. Ni sawa na kuuziwa pampu ya maji iliyoandikwa lita fulani kwa saa, ikatoa kiasi hicho kwa dakika chache tu na baada ya hapo ikawa inachuruza. Mlichotangaza ni uwezo wa saa nyingi, na huo ndio nilioulipia.

Kuna jambo ambalo fundi hakuliangalia, nami naliona ndilo lenye dalili kubwa. Kompyuta hii ina feni mbili, kila moja ikitoa hewa moto upande wake. Mashine ikiwa katikati ya kazi, nilishika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya tundu la upande wa kulia, kikapeperuka moja kwa moja. Upande wa kushoto kilining'inia tu, kikitikisika kidogo nchani. Inawezekana feni ya kushoto haizunguki inavyotakiwa, au girisi ya joto iliyo juu ya kadi haikupakwa sawasawa kiwandani. Sikuifungua mashine kujihakikishia, kwa sababu stika ya dhamana bado ipo mahali pake na sitaki mtu aseme nimeiharibu mwenyewe.

Kwa hayo yote, ninaomba kompyuta hii ipimwe dukani mbele yangu ikiwa inarenda kwa muda usiopungua dakika 30, huku wati, mwendo na joto vikisomwa kwenye skrini tangu mwanzo hadi mwisho. Kipimo cha dakika tano, kama alichofanya fundi wenu, hakiwezi kuonyesha tatizo linaloanza dakika ya nane. Ikithibitika ninayoyasema, nipewe nyingine ya aina hiyohiyo iliyopita kipimo hichohicho, au nirudishiwe shilingi 3,850,000 zote. Sitakubali matengenezo yasiyo na ukomo yatakayoniacha bila chombo cha kazi, wala kubadilishiwa na yenye kadi ya chini kwa bei ileile.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo yanayompotosha mlaji. Ningependa tumalizane hapahapa Mtwara, kwa kuwa dukani kwenu nimehudumiwa vizuri kabla ya hili. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaliwasilisha suala hili kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, kadi ya dhamana, picha ya bango lenu, na picha za skrini zenye vipimo nilivyovitaja.

Wako katika biashara,

Zuhura Saidi
Mchoraji wa majengo