Rafu Isiyokuwa na Namba

Jalada namba 4417 lilihusu kiwanja kimoja cha Majengo, mjini Moshi, na lilikuwa halionekani kwa muda wa miaka mitano bila mtu yeyote kulihitaji, mpaka asubuhi ya Machi 2016 Mama Zubeda alipofika dirishani na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, barua ya Mahakama ya Mwanzo iliyomteua kuwa msimamizi wa mirathi, nakala ya hati ya miaka 99 ambayo mchwa walikuwa wamekula pembe mbili, na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zilizofungwa kwa uzi. Alichotaka ni kitu chepesi kwa kukitaja: jina la marehemu litolewe, lake liingizwe kama msimamizi, ili watoto wagawane bila kugombana. Lakini bila jalada hakuna afisa ambaye angeweka saini, kwa kuwa nakala peke yake haisemi kama kiwanja kiliwahi kuwekwa rehani au kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kuleta pingamizi.

Haikaeli, karani wa masjala, alimwomba arudi baada ya wiki moja. Mama Zubeda alimtazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, wiki nimeshapewa nyingi na wenzako. Wewe niambie ukweli tu, lipo au halipo?"

"Lipo, mama. Sijui liko wapi, lakini lipo."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa amekwisha kulisoma daftari la mzunguko wa majalada. Mstari wa mwisho wa jalada hilo ulionyesha kwamba lilirudishwa kutoka kwa mpima tarehe 30 Juni 2011, likapokelewa na kurejeshwa rafuni na Mzee Eliakimu siku hiyohiyo, ambayo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kustaafu. Saini ilikuwepo, kubwa na iliyonyooka. Baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyelichukua tena.

Kwa siku tatu Haikaeli alitafuta kama karani yeyote anavyotafuta. Alitazama 4471, 4147 na 4714, kwa kuwa tarakimu hupenda kuruka nafasi. Akatazama 4477, kwa kuwa 1 iliyoandikwa kwa haraka hufanana na 7. Akatazama chini ya rafu, nyuma ya kabati la mkuu wa masjala, na hata ndani ya boksi la kalenda za zamani ambalo kila ofisi ya serikali inalo na hakuna anayejua kwa nini halitupwi. Mwenzake mmoja alimshauri afungue jalada la muda na kuachana na jambo hilo. Mwingine alisema waziwazi kwamba wazee wale walikuwa wakiacha kazi ovyo wanapokaribia kustaafu, na kwamba tayari majalada mawili ya siku ileile, 1240 na 5033, yalikwisha kukutwa kwa bahati mahali pasipo pake.

Maneno hayo ndiyo yaliyomkera Haikaeli. Alikuwa amefundishwa kazi na watu waliofundishwa na Mzee Eliakimu, na madaftari yake ya miaka thelathini hayakuwa na mstari uliofutwa. Mtu wa namna hiyo haachi kazi ovyo kwa sababu kesho yake atalala nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi alipanda daladala ya Uru, akashuka penye mfereji, na kuuliza nyumba.

Mzee alimpokea kwenye njia ya kuingilia kihamba chake, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Haikaeli alimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayefurahi kupata mgeni wa kazini, kisha akatangulia kuelekea nyumbani kati ya migomba na mikahawa. Alitembea upesi, mkono wake wa kushoto ukipapasa majani ya masale yaliyopandwa mpakani, jani moja baada ya jingine. Haikaeli alidhani ni mazoea ya mzee anayependa mimea yake.

Alipotajiwa namba ya jalada, Mzee Eliakimu hakuwa na haja ya kufikiri.

"La Majengo. Lilirudi mchana ule tulipokuwa tunakunywa soda za kuniaga. Yalikuwa kumi na moja kwa jumla. Niliwaambia wakate keki bila mimi, nikaingia masjala nikayarudisha yote."

"Na hilo uliliweka wapi, mzee?"

"Mahali pake," alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakauka kidogo. "Binti yangu, mimi sikuwahi kuweka jalada mahali pasipo pake. Ofisi hiyo naifahamu hata usiku, umeme ukiwa umekatika."

Haikaeli alinyamaza, kwa kuwa hakutaka kubishana na mzee katika nyumba yake. Mzee akachukua chupa ya chai akammiminia. Alifanya hivyo akiwa ameukunja ukucha wa kidole cha shahada ndani ya ukingo wa kikombe, na chai ilipogusa kidole akaacha kumimina. Akasogeza kikombe mezani kwa kufuata ukingo wa meza, polepole, mpaka mbele ya mgeni. Kisha akageuza uso wake kuelekea alipodhani Haikaeli amekaa, akakosea kwa kiasi cha shubiri moja.

Haikaeli alikunywa chai hiyo bila kusema neno. Alipoaga, alimtazama akirudi peke yake mpaka mlangoni, mkono ukiwa juu ya masale, midomo ikicheza kama ya mtu anayehesabu.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wenzake na hakuwasha taa. Alisimama mlangoni pa masjala akafumba macho. Alijiuliza angefanyaje yeye, kama angekuwa na majalada kumi na moja mkononi, macho yakiwa yamemwacha kwa miaka kadhaa bila ya yeye kumwambia mtu, na wenzake wakiwa nje wanamsubiri kwa keki. Namba iliyoandikwa juu ya jalada angeweza bado kuisoma, akiisogeza karibu na dirisha, kwa kuwa waliziandika kwa wino mnene. Lakini namba zilizochorwa kwa rangi kwenye vichwa vya rafu, ndani ya chumba ambacho taa yake hutetemeka, asingeziona. Asingezihitaji pia. Kila rafu ilibeba majalada mia tano, ngazi tano za mia moja mia moja, na mpangilio huo alikuwa ameuweka yeye mwenyewe. Jalada 4417 lingekuwa rafu ya tisa kutoka mlangoni, ngazi ya tano, la kumi na saba kutoka kushoto. Angeshika nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea mpaka tisa.

Haikaeli alinyoosha mkono, akazihesabu nguzo za rafu macho yakiwa yamefumbwa, na alipofika tisa akayafumbua. Juu ya rafu iliyokuwa mbele yake paliandikwa 8.

Alirudi mlangoni mbio. Rafu ya kwanza kabisa, ile iliyobeba fomu na madaftari yaliyojaa, haikuwa na namba yoyote. Miaka yote aliyofanya kazi pale aliipita kila asubuhi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini 1 ilianzia kwenye ya pili yake. Alikwenda kwenye leja ya vifaa akafungua mwaka 2011. Rafu moja ya chuma ilikuwa imepokelewa Jumatano, tarehe 29 Juni, na kwa kuwa ukuta wa mwisho ulikuwa umejaa, iliwekwa karibu na mlango. Katika daftari la mahudhurio, tarehe hiyo Mzee Eliakimu hakuwepo. Alikuwa amepewa ruhusa kufuatilia mafao yake. Alirudi Alhamisi, siku ya kuagwa, na hakuna aliyeona umuhimu wa kumweleza juu ya rafu mpya mtu ambaye kesho yake asingekuja tena. Nadhani hata wangemweleza wangefanya hivyo kwa kuinyooshea kidole.

Majalada yale mawili yaliyokutwa kwa bahati yalikubaliana na hesabu yake. Namba 1240 ilistahili kuwa rafu ya 3 nayo ilikutwa rafu ya 2. Namba 5033 ilistahili kuwa rafu ya 11 ikakutwa rafu ya 10. Yote yalikuwa nyuma kwa mia tano kamili.

Kwa hiyo 4417 lingekuwa jirani na 3917. Haikaeli alipanda kigoda, akafika ngazi ya tano ya rafu ya 8, akahesabu mpaka la kumi na saba. Halikuwa hilo. Akakumbuka kwamba mzee hakuhesabu namba bali migongo ya majalada, na kwamba siku ile huenda baadhi yalikuwa mikononi mwa maafisa. Akaendelea mbele jalada kwa jalada, na kati ya 3921 na 3922, limesimama wima, kamba yake imefungwa kwa fundo la utepe lililonyooka, akalikuta. Vumbi lilikuwa limetanda juu tu. Mzee alikuwa ameliweka mahali pake, kwa hesabu isiyokuwa na kosa hata moja, ndani ya chumba ambacho wenzake walikuwa wamekisogeza usiku bila kumwambia.

Kufikia saa sita mchana alikuwa amekwisha kuyapata na manane yaliyobaki. Ndani ya 4417 hamkuwa na rehani wala pingamizi, na Mama Zubeda alipigiwa simu aje na picha mbili za pasipoti.

Mkuu wa masjala alifurahi, kisha akawa mkali. Aliagiza dokezo lenye maelezo ya namna jalada lilivyopotea na nani aliyehusika, ili liwekwe kwenye kumbukumbu. Haikaeli alikaa na karatasi hiyo muda mrefu kuliko alivyokaa na utafutaji wenyewe. Mzee alikuwa na siri moja aliyoilinda kwa miaka kadhaa ya kazi safi na mitano ya kustaafu, na sasa ilikuwa inasubiri kuandikwa kwenye folio.

Aliandika hivi: "Tarehe 29 Juni 2011 rafu moja iliongezwa mlangoni bila kupewa namba na bila wahusika wote kuarifiwa. Majalada kumi na moja yaliyorudishwa siku iliyofuata yaliwekwa kwa hesabu ya awali. Yote yamepatikana."

Akatia saini. Mkuu alisoma, akauliza kama hakuna la kuongeza, naye akajibu kwamba hakuna. Jioni, wenzake walipoondoka, aliomba kwa fundi kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo, akaenda kwenye rafu ya mlangoni, na kwenye kichwa chake akachora 0 kubwa. Kisha akachukua msumari na kabla rangi haijakauka akachimba kwenye nguzo, usawa wa mkono, kitone kimoja ambacho kidole kingeweza kukipata.