Tafsiri ya karata zako tano: mpenzi wa kwanza aliyerejea

Dada yangu mpendwa,

Nimezitazama karata za taroti ulizochagua Jumamosi, na nakuandikia kwa kirefu kama ulivyoomba, ili usome ukiwa peke yako hapo Chumbageni kabla wazee hawajaletewa habari ya posa. Uliuliza kama ni salama kwa moyo wako kumrudia mwanamume mliyependana mkiwa wanafunzi, ambaye aliondoka Tanga kwenda Maskati na kukaa kimya miaka kumi na tisa. Karata hazitakuamulia, wala mimi sitakuamulia, ila zinaonyesha mahali pa kutazama.

Karata ya kwanza, ya yaliyopita, ni Sita ya Vikombe. Huenda hakuna karata inayolihusu swali lako waziwazi kuliko hii kati ya zote 78. Katika michoro ya Pamela Colman Smith ya mwaka 1909, ndiyo tunayoitumia, mvulana anampa msichana mdogo kikombe kilichojaa maua meupe, na nyuma yao mlinzi mwenye mkuki anatembea kwenda zake. Wengi huyaona maua tu. Kwangu karata hii inathibitisha kwamba mapenzi yenu ya zile jioni za Raskazone yalikuwa ya kweli, na yeyote anayekuambia kuwa ulikuwa utoto mtupu anakudhulumu. Lakini waliomo kwenye picha ni watoto, na mlinzi ameshaondoka. Msichana yule hakuwa na mtoto wa kulea, hakuwa ameonja talaka, wala hakuwa na duka la vitenge la kusimamia. Wewe unavyo vyote hivyo, na anayetaka kukuoa ni lazima amtake mwanamke huyu wa leo. Sikiliza anapozungumza: je, anauliza habari za binti yako na kazi yako, au kila mazungumzo yanarudi kwenye enzi zile?

Ya pili, inayomhusu yeye, ni Mpanda Farasi wa Vikombe. Ni karata ya mjumbe anayeleta ombi, kwa hiyo sikushangaa ilipotoka, kwa kuwa ameshasema atatuma washenga baada ya Idi. Simwoni kama mtu wa hila. Farasi wake anakwenda hatua kwa hatua, ila mto ulio mbele yake hajauvuka bado, na maneno mazuri hayajawa matendo.

Upande wako imetoka Tano ya Vikombe: mtu mwenye joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, huku viwili vizima vimesimama nyuma ya mgongo wake. Hapa nakuomba uwe mkweli kwa nafsi yako, dada. Tangu talaka umekuwa ukiyahesabu yaliyomwagika, na mtu anayekuja wakati wa huzuni kama hiyo huonekana mkombozi hata kabla hajafanya lolote.

Karata ya nne, ya yaliyofichika, ndiyo iliyonizuia kukupa jibu jepesi. Ni Mwezi. Njia inapita kati ya minara miwili, mbwa na mbwamwitu wanabweka, na mwanga upo lakini hautoshi kutofautisha vitu. Uliniambia kwamba sauti anazokutumia huingia usiku, baada ya saa nne, na kwamba mchana simu yake haipokelewi. Inawezekana ni kazi tu, na karata hii haimtuhumu mtu. Hata hivyo, hujui kwa nini aliacha kuandika, na hujui kama ana mke huko. Mambo mawili hayo hayafai kubaki gizani hata siku moja baada ya washenga kupokewa, kwa sababu baada ya hapo kuuliza kutaonekana kama kuvunja heshima ya wazee.

Ya mwisho, ya njia ikiwa utaendelea, ni Kiasi, nami nilifurahi kuiona. Malaika anamimina maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine bila pupa, mguu mmoja ukiwa majini na mwingine nchi kavu. Kwa hiyo naona kwamba kurudiana kunaweza kuwa na afya, kwa sharti la kwenda taratibu: mwambie asogeze posa mbele, mwonane mchana mbele ya ndugu yako mmoja, umsikie akieleza ile miaka ya kimya kwa kinywa chake, na umtazame anavyozungumza na binti yako. Akikubali kusubiri, Mpanda Farasi ameuvuka mto. Akikukasirikia kwa sababu umeuliza, basi unalo jibu, na halikutoka kwenye karata.

Muulize wiki hii, kabla hajapanda ndege ya kurudi. Ukishasikia atakachosema, njoo tukae tena.